Kila Hati ya Mshahara na Nywila Yake

Mhasibu akishatoa hati za mshahara kutoka Excel, kila mfanyakazi faili lake la PDF, qpdf, programu ya bure, huzifunga moja moja:

```
qpdf --encrypt 0739184625 Mkuu-x9Tq 256 -- E014.pdf E014-siri.pdf
```

Nywila ya kwanza ni ya mfanyakazi E014, ya pili ni ya mhasibu. Amri hurudiwa kwa kila mstari wa jedwali, nywila ikibadilika. Tarehe ya kuzaliwa haifai, wenzake kazini wanaijua.

Kosa la kawaida ni sifuri ya mwanzo. Safu ya nywila isipowekwa kuwa maandishi kabla ya kuandika, Excel huihesabu kama namba na kubakiza 739184625. Faili hufungwa kwa nywila hiyo fupi, naye E014 akiandika yake kamili hukataliwa. Kabla ya kutuma, fungua machache kwa nywila walizopewa wenyewe, hasa zinazoanza na sifuri.