Usiku wa Jumatatu ni Usiku Gani?

Tangazo lina mistari miwili tu: "Rota mpya itaanza usiku wa Jumatatu. Wote mnaombwa kuzingatia." Limebandikwa ukutani katika chumba cha wauguzi, na mbele yake wamesimama wauguzi wawili wa wodi moja. Mmoja amekulia Pwani, ambako siku huanza jua linapozama, kwa hiyo kwake usiku wa Jumatatu ni ule unaoingia Jumapili magharibi. Mwenzake anahesabu siku kuanzia saa 6 usiku. Yeye ameelewa kwamba ataingia Jumatatu baada ya giza kuingia. Wote wawili wamesoma Kiswahili sahihi, na wamepishana siku nzima. Usiku mmoja wodi itakuwa na watu wawili mahali pa mmoja, na usiku wa pili huenda isiwe na mtu.

Dawa yake ni neno ambalo Waswahili wanalo siku zote: kuamkia. "Usiku wa Jumapili tarehe 5 kuamkia Jumatatu tarehe 6" hauwezi kusomwa kwa namna mbili. Saa nazo zinahitaji uangalifu huohuo, kwa sababu fomu nyingi za hospitali hufuata saa 24 huku watu wakizungumza saa za Kiswahili. Ukiandika 1:30 peke yake, mmoja atasoma asubuhi na mwingine atasoma usiku wa manane. Njia salama ni kuandika zote mbili, yaani saa 1:30 asubuhi (07:30), saa 9:30 alasiri (15:30) na saa 3:30 usiku (21:30).

Hizo ndizo saa za kupokezana katika wodi tutakayoitumia kama mfano, katika hospitali binafsi ya Tanzania. Zamu ya asubuhi inaanza saa 1:30 hadi saa 9:30 alasiri. Jioni inapokea hapo hadi saa 3:30 usiku, kisha usiku unakesha hadi saa 1:30 asubuhi. Rota ya zamani ilikuwa ikirudi nyuma: mtu anafanya siku kadhaa za usiku, anapata ofu, anahamia jioni, halafu anaingia asubuhi. Rota mpya inakwenda mbele, kutoka asubuhi kwenda jioni, kisha usiku, kisha ofu.

Kwa nini ibadilishwe? Swali hili ndilo matangazo mengi hulikwepa kwa maneno kama "kuboresha huduma", ambayo hayamwelezi mtu chochote. Sababu ya kweli inaonekana ukihesabu kwa vidole. Muuguzi anayetoka jioni saa 3:30 usiku na kuripoti asubuhi yake saa 1:30 amekaa nje ya kazi saa 10 tu. Toa kungoja usafiri, kuoga na kula, afike kitandani saa 6 usiku, na saa 11 alfajiri awe ameshaamka. Amelala saa 5, na anakwenda kupima dozi za wagonjwa. Tena amevunjiwa haki yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, lakini kwa hali maalumu, kwa mfano mtu anayeishi hapohapo kazini.

Rota inayokwenda mbele inaliondoa tatizo hilo bila kuongeza mtu hata mmoja. Anayetoka asubuhi saa 9:30 alasiri anaingia jioni kesho yake saa 9:30 alasiri, saa 24 kamili. Mwili nao unakubali zaidi, kwa kuwa watu wengi huona rahisi kuchelewa kulala kuliko kujilazimisha kulala mapema.

Sababu hiyo ikiandikwa wazi katika sentensi tatu, manung'uniko mengi hupungua. Yasiyopungua huwa ni ya mfukoni, nayo yana haki ya kujibiwa. Sheria hiyohiyo inahesabu usiku kuwa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Anayelipwa shilingi 2,000 kwa saa anaongezewa shilingi 100. Kama rota mpya inampunguzia mtu siku za usiku, aambiwe mapema ni siku ngapi, asije kuligundua mwisho wa mwezi. Na mjamzito aliyebakiza miezi 2 au pungufu kufikia tarehe ya kujifungua hapaswi kupangwa usiku. Jina lake litolewe huko kabla rota haijabandikwa, asiachiwe kazi ya kuomba.

Pagumu zaidi ni siku ya kuvuka. Rota ya zamani inaisha Jumapili tarehe 5, mpya inaanza Jumatatu tarehe 6. Sasa wale walioingia Jumapili saa 3:30 usiku ni wa rota ipi? Wanatoka Jumatatu saa 1:30 asubuhi, na ikiwa karatasi mpya imewaweka zamu ya asubuhi siku hiyo, wanatakiwa kuanza kazi dakika ileile wanayoimaliza. Anayepanga rota huwa hauoni mgongano huu kwa sababu anatazama karatasi mpya peke yake. Aziweke karatasi mbili ubavu kwa ubavu, apitie kila jina: zamu yake ya mwisho huku, ya kwanza kule, saa ngapi katikati. Waliokesha Jumapili wapewe ofu Jumatatu na waanze jioni ya Jumanne tarehe 7, na majina yao yaandikwe kabisa kwenye tangazo.

Kubadilishana zamu kunahitaji hesabu ileile. Tuseme muuguzi wa kwanza amepangwa usiku wa Jumanne tarehe 14 kuamkia Jumatano tarehe 15, naye ana harusi ya mdogo wake. Mwenzake mwenye zamu ya asubuhi Jumatano anakubali wabadilishane. Kwenye karatasi ni jina kwa jina, safi kabisa. Lakini huyo mwenzake yuko kazini pia asubuhi ya Jumanne hadi saa 9:30 alasiri, hivyo akiingia usiku saa 3:30 atakuwa amepumzika saa 6 tu. Incheji wa wodi anapaswa kukataa, na kuwasaidia kumtafuta mtu aliye ofu Jumanne. Ndiyo maana kanuni inapaswa kudai mambo manne: wawe wa kada moja, wote wawili watie saini, incheji aidhinishe saa 48 kabla, na mapumziko ya saa 12 yabaki pande zote mbili kwa kila mmoja. Bila idhini, anayewajibika ni yule ambaye jina lake liko kwenye rota, hata kama mwenzake aliahidi kwenye kundi la WhatsApp.

WhatsApp ina shida yake nyingine: picha ya rota ya kwanza huendelea kusambaa baada ya masahihisho. Kila toleo liandikwe tarehe na saa lilipotolewa, juu kabisa, ili anayelipokea ajue kama limepitwa.

Mwisho wa karatasi huwekwa simu. Mara nyingi inakuwa namba ya incheji, ambaye saa 10 usiku amelala, wakati aliyeugua ghafla anatafuta wa kumwambia. Inayofaa ni simu ya zamu, inayokabidhiwa pamoja na funguo na ripoti, ili apokee yeyote anayesimamia usiku huo. Ya incheji ibaki kwa maombi ya kubadilishana, na ya ofisi ya utumishi kwa maswali ya malipo, saa za kazi.