Siku Apple Ilipotega Kitendawili

Tarehe 9 Januari 2007, katika ukumbi wa Moscone jijini San Francisco, Steve Jobs alisimama jukwaani akasema kwamba siku hiyo ameingojea kwa miaka miwili na nusu. Kisha akatangaza kuwa kampuni yake ya Apple ina bidhaa tatu mpya. Ya kwanza ni iPod yenye skrini pana ya kugusa kwa kidole. Ya pili ni simu ya mkononi. Ya tatu ni kifaa cha mawasiliano ya intaneti.

Video ya siku hiyo ingalipo, na inafaa kuisikiliza zaidi ya kuitazama. Ilipotajwa iPod, kile kichezeshi cha muziki ambacho watu walikwisha kukipenda, makofi yalilia. Ilipotajwa simu, ukumbi ulilipuka kwa vifijo, maana uvumi wa simu ya Apple ulikuwa umezagaa muda mrefu. Kifaa cha intaneti kilipigiwa makofi ya adabu tu. Jobs hakujali. Alivitaja tena vitu vitatu vilevile, akarudia mara nyingine, na nyuma yake alama tatu zikawa zinazunguka kwenye skrini kubwa. Akawauliza kama wanaanza kuelewa. Kicheko kilianzia upande mmoja wa ukumbi kikasambaa: havikuwa vitu vitatu, kilikuwa kimoja.

Anayejua utegaji wa vitendawili atautambua mtindo huu mara moja. Mtegaji hatoi jibu. Hutoa sifa za kitu, zinazoonekana kama hazihusiani, akamwacha msikilizaji aziunganishe mwenyewe. Raha yote imo katika kule kuunganisha. Jobs angeweza kusema tangu mwanzo kwamba wametengeneza simu inayopiga muziki na kufungua intaneti, na watu wangepiga makofi na kuendelea kukaa. Lakini aliwapa nafasi ya kufumbua, na mtu aliyefumbua jambo hulitetea kama la kwake.

Jibu likapatikana, ila kitu chenyewe bado. Alitamka jina la iPhone, akasema hii hapa, na skrini ikaonyesha picha ya iPod iliyobandikwa kile kigurudumu cha kuzungusha namba cha simu za zamani. Watu wakacheka. Akadokeza kuwa simu halisi anayo palepale, ila ikae kwanza.

Halafu, badala ya kuonyesha bidhaa, akaonyesha kasoro. Aliweka picha za simu nne zilizovuma wakati huo, zikiwamo BlackBerry na Treo, akalenga kitu kimoja: vitufe. Vimegandishwa kwenye plastiki, alieleza, vipo pale utake usitake, na ukipata wazo jipya miezi sita baadaye huwezi kuongeza kitufe kwenye simu iliyokwisha kuuzwa. Basi tuviondoe vyote, tubaki na skrini tupu. Tutaigusa kwa nini? Akaitaja kalamu ndogo ya plastiki iliyotumika kwenye vifaa vya namna hiyo, akaikejeli. Tutatumia kidole. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ufundi hasa, kuliko hata ile hila ya vitu vitatu. Simu ile ilipoonekana, ingeweza kumtisha mtazamaji kwa kukosa vitufe. Ilimjia kama dawa ya ugonjwa aliokuwa ametoka kuambiwa anao.

Baada ya hapo akaitoa na kuitumia mbele ya watu. Alifungua simu kwa kutelezesha kidole, akapitisha orodha ya nyimbo juu na chini, na ukumbi ukaguna kwa mshangao kwa jambo ambalo leo mtoto wa miaka miwili hulifanya bila kufikiri. Alipiga simu kwenye mkahawa wa Starbucks akaagiza vikombe 4,000 vya kahawa, kisha akaomba radhi kuwa amekosea namba.

Lililokuwa likiendelea nyuma ya pazia lilikuja kusimuliwa baadaye na wahandisi, hasa Andy Grignon, aliyeshughulikia mawasiliano ya redio ya simu hiyo. Simu zilizokuwapo duniani siku ile zilifika mia moja hivi, na zilikuwa mbovu. Zingeweza kupiga kipande cha wimbo au video, lakini si wimbo mzima bila kuzima. Ukituma baruapepe kisha ukafungua intaneti, sawa. Ukigeuza mpangilio, huenda ikakwama. Wahandisi wakatafuta, kwa kujaribu na kujaribu tena, mfuatano mmoja wa vitendo uliokuwa na nafasi nzuri ya kumaliza salama. Wakauita njia ya dhahabu, na Jobs akaufanyia mazoezi siku kadhaa mfululizo.

Hata njia hiyo ilihitaji msaada. Kumbukumbu ya simu ilijaa upesi, kwa hiyo jukwaani ziliwekwa simu kadhaa, moja ikielemewa anachukua nyingine. Kampuni ya simu ilileta mnara wa kubebeka ili mawimbi yasikosekane. Na programu ilipangwa ionyeshe vijiti vitano vya mtandao wakati wote, uwepo usiwepo. Grignon na wenzake walikaa kwenye viti vya hadhira na chupa ya wiski. Kila sehemu ilipopita salama, mhusika wake alipiga funda.

Kilichoharibika kilikuwa kidogo kuliko vyote: rimoti ya kubadilisha slaidi iligoma. Jobs aliwaambia watu kuwa mafundi wanahangaika nyuma, akaanza kusimulia utundu wake na rafiki yake Wozniak enzi za ujana, walipotengeneza kifaa cha kuvuruga televisheni za bweni. Rimoti ikarudi, akaendelea.

Si kila mara mambo humalizika hivyo. Juni 2010, akizindua iPhone 4, alipambana na matatizo mawili kwa mpigo. Miezi miwili kabla, tovuti ya Gizmodo ilikuwa imeinunua simu ya majaribio iliyosahauliwa baa, ikachapisha picha zake. Jibu la kitendawili lilikwisha kujulikana, na Jobs ilimbidi alianze jambo kwa utani, akiwaambia watu wamkatize kama wamekwisha kuiona. Kisha kurasa za intaneti zikakataa kufunguka kwenye simu mpya. Ukumbini kulikuwa na vituo 570 vya wai-fai, vingi vikiwa ni vya waandishi wenyewe. Akawasihi wavizime na kuweka kompyuta zao sakafuni. Wako waliotii.

Mtazamaji anaweza kuvitambua vificho hivi akijua pa kuangalia. Mwonyeshaji huacha wimbo baada ya sekunde chache, hubadilisha kifaa akiwa anazungumza jambo jingine, au huonyesha filamu iliyotayarishwa badala ya kutumia kitu chenyewe. Akikutajia tarehe ya kuuza iliyo mbali, ujue kazi haijaisha.

Kwa iPhone ya kwanza tarehe hiyo ilikuwa Juni, karibu miezi sita mbele, kwa bei ya dola 499 na 599. Jobs alieleza palepale kwamba simu lazima ipate kibali cha serikali, na nyaraka za kibali husomwa na umma. Afadhali Apple waseme wenyewe. Hiyo ni sababu ya kweli. Lakini pia kulikuwa na kazi ya kumalizia. Simu aliyoishika Januari ilikuwa na uso wa plastiki, na baada ya kuitembeza mfukoni pamoja na funguo aliona imejaa mikwaruzo. Tarehe 18 Juni, siku kumi na moja kabla ya milango ya maduka kufunguliwa, Apple ilitangaza kuwa simu itakayouzwa ina uso wa kioo.