Uchungulie Foleni au Ungoje Kengele?

Duka dogo la mtandaoni likipokea oda, kazi ya kumtumia mteja ujumbe wa simu huandikwa kwenye jedwali la hifadhidata, kisha programu nyingine huichukua na kuitekeleza. Programu hiyo itajuaje kwamba kuna kazi mpya?

Njia ya kwanza ni kuchungulia jedwali kila baada ya muda, tuseme sekunde 5. Hayo ni maulizo 17,280 kwa siku, na mengi yatarudi mikono mitupu. Idadi inatisha, lakini kwa PostgreSQL yenye faharasa nzuri ni kazi nyepesi mno. Mteja naye husubiri wastani wa sekunde 2.5 zaidi, na sidhani kama atagundua.

Njia ya pili ni kungoja kuarifiwa. PostgreSQL ina amri za `LISTEN` na `NOTIFY`: oda ikiingia, programu huamshwa papo hapo. Kasoro yake ni kwamba taarifa haimngojei aliyekatika. Mtandao ukiyumba kwa dakika moja, kengele zilizolia wakati huo hazirudiwi. Programu itaonekana hai, huku kazi zikilala jedwalini. Utaligundua tatizo ukipima umri wa kazi kongwe kuliko zote ambayo haijafanywa. Ndiyo maana hata anayetumia kengele hulazimika kuchungulia kila anapounganishwa upya, na tena kila baada ya dakika kadhaa.

Kwa mfumo mdogo, anza na kuchungulia. Kengele iongeze pale tu sekunde hizo chache zitakapoanza kuleta malalamiko.