Amplifaya Inayotii Mkondo

Amplifaya nyingi hutoa volteji. Amplifaya ya transkondaktansi, kama CA3080 ya kampuni ya Kimarekani RCA, hutoa mkondo. Tofauti ndogo ya volteji ikitokea kati ya miguu yake miwili ya kuingizia, chipu husukuma au huvuta mkondo unaolingana na tofauti hiyo. Kiasi cha mkondo kinachopatikana kwa kila volti ndicho transkondaktansi, nacho hakipangwi kiwandani: hupangwa na mkondo mwingine, wa kuongozea, unaoingia kwa mguu wake wa pekee.

Ndani ya chipu, transista mbili hugawana mkondo huo wa kuongozea. Ishara ikiingia, mgawanyo huelemea upande mmoja. Mkondo wa kugawana ukiwa mkubwa, ishara ileile huhamisha kiasi kikubwa zaidi. Katika joto la kawaida la chumba, transkondaktansi ni mkondo wa kuongozea ukigawanywa kwa milivolti 52 hivi.

Tuchukue sauti yenye kilele cha volti 1. Kwanza hupunguzwa kwa rezista mbili hadi milivolti 10. Mkondo wa kuongozea ukiwa mikroampea 500, kilele cha mkondo unaotoka ni karibu mikroampea 96. Ukipitishwa kwenye rezista ya omu 10,000, huwa volti 0.96, yaani sauti imerudi karibu ilivyokuwa. Mkondo wa kuongozea ukishushwa hadi mikroampea 50, volteji hiyo hushuka hadi 0.096. Ukikatwa kabisa, sauti hunyamaza. Ndiyo maana sinthesaiza nyingi zilitumia chipu hizi: saketi ndogo ya transista hugeuza volteji ya kuongozea kuwa mkondo, na sauti ikapanda na kushuka bila mkono kugusa kitufe. Mguu huo usiunganishwe moja kwa moja na waya wa ardhi. Bila kitu cha kuzuia mkondo, chipu huungua.

Kuipunguza ishara mwanzoni si hiari. Milivolti 50 zikiingia badala ya 10, hesabu ya moja kwa moja ingetoa mikroampea 480, lakini hutoka takriban 370 tu, kwa sababu transista moja inakaribia kuchukua mkondo wote. Kwenye oskiloskopu vilele vya wimbi huonekana vimebanwa, na sikio husikia sauti imekwaruza.

Kasoro nyingine ni kishindo kinachosikika kila volteji ya kuongozea inapobadilika ghafla, hata pasipo sauti inayoingia. Transista zile mbili hazifanani kikamilifu, hivyo tofauti yao ndogo hukuzwa kama ishara. Fundi huunganisha ingizo la sauti na ardhi, huipandisha na kuishusha volteji ya kuongozea, kisha huzungusha rezista ya kurekebishia kwenye mguu mmoja wa kuingizia mpaka kishindo kiwe kidogo kabisa.