Kichwa cha Barua Pepe ya Kuomba Miadi

Mhasibu akipokea barua pepe yenye kichwa "Kikao", hajui kama anaalikwa, anaarifiwa au anaulizwa, basi anaiacha hadi baadaye. Mwandikie hivi: "Chagua: Jumanne 10:00 au Alhamisi 14:00, bajeti ya kisima". Ombi limetangulia kwa sababu skrini ya simu hukata kichwa baada ya herufi 40 hivi, pengine kabla. Bajeti ikikatwa, swali linabaki. Saa ni za mtindo wa saa 24, maana kwa mfadhili aliye Ulaya "saa 4" si asubuhi ya kazi hata kidogo.

Mkikubaliana, badilisha kichwa: "Imethibitishwa: Jumanne 10:00". Gmail itaanzisha mazungumzo mapya, na afadhali hivyo kuliko kuchimbua majibu ya zamani dakika tano kabla ya kikao.