Mashine Inayoijua Rekodi, Isiyoujua Wimbo

Mwezi Agosti 2002, mtu aliyekuwa Uingereza akasikia wimbo baani na kutaka kujua jina lake aliweza kubonyeza 2580 kwenye simu ya mkononi, yaani vitufe vya katikati kutoka juu hadi chini, kisha akaielekeza simu kwenye spika. Muda mfupi ulipopita, simu ilijikata yenyewe. Punde ukaingia ujumbe mfupi wenye jina la wimbo na la msanii. Ndivyo Shazam ilivyoanza, simu za mguso zikiwa bado hazijaenea.

Kazi iliyofanyika upande wa pili wa laini ilikuwa ngumu kuliko ilivyoonekana. Laini ya simu hupitisha sauti za katikati tu; besi nzito haifiki, wala mlio mwembamba wa matoazi. Tena mitambo ya simu za mkononi ya wakati ule iliundwa kubana sauti ya mtu anayeongea, hivyo muziki ulipopita humo ulitoka umekwaruzika. Juu yake kulikuwa na vicheko, glasi zinazogongana na mwangwi wa chumba. Sauti hiyo ikilinganishwa na ile ya kwenye CD, wimbi kwa wimbi, mtu angeapa kwamba ni vitu viwili visivyohusiana.

Aliyetafuta njia ni Avery Wang, mmoja wa waanzilishi wanne wa kampuni hiyo. Mwaka 2003 alieleza hadharani namna alivyofanya, katika makala fupi inayosomwa hadi leo na kila anayeingia kwenye fani hii. Siri yake ni kutupa karibu kila kitu.

Kwanza sauti hugeuzwa picha. Kompyuta huikata sauti vipande vya kama sehemu ya kumi ya sekunde, na kwa kila kipande hupima nguvu iliyopo katika kila kimo cha sauti, kuanzia nzito hadi nyembamba. Kwenye picha hiyo muda hwenda kutoka kushoto kwenda kulia, kimo hupanda kutoka chini kwenda juu, na palipo na nguvu panang'aa. Kisha huchaguliwa vilele tu, yaani nukta zinazong'aa kuliko zote zinazozizunguka. Vingine vyote hufutwa, hata kipimo cha mng'ao wenyewe. Kinachobaki ni nukta zilizotawanyika kwenye giza kama anga la usiku, na Wang mwenyewe aliziita ramani ya kundinyota.

Nyota hizo ni sugu. Kelele za baa huongeza nyota za uongo na kufunika baadhi ya zile za kweli, lakini ni nadra sana kuihamisha nyota kutoka mahali pake. Spika mbovu hufifisha eneo zima la anga, ila kilele ndani ya eneo hilo kinabaki kuwa kilele mbele ya jirani zake.

Hata hivyo, nyota moja haimtambulishi mtu. Mamilioni ya rekodi yana nyota kwenye mitetemo 1,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila nyota hufungwa pamoja na chache zinazoifuata karibu, moja moja, na kila jozi huandikwa kwa namba tatu: kimo cha nyota ya kwanza, kimo cha ya pili, na muda uliopita kati yake. Namba hizo tatu huunganishwa kuwa namba moja, na hiyo ndiyo huingia ghalani pamoja na jina la rekodi na dakika ilipotokea. Kutafuta humo ni kama kufungua faharasa ya kitabu: huhitaji kusoma kurasa zote, unaitazama namba na kuona imeandikwa kwenye rekodi zipi. Makala ya Wang ilipotoka, ghala lilikuwa na rekodi zipatazo milioni 1.8.

Kipande cha sekunde kumi hutoa mamia ya jozi, na nyingi zitagongana kwa bahati tu na nyimbo zisizohusika. Hapa ndipo penye ushahidi wenyewe. Tuseme jozi iliyosikika sekunde ya 2 ya kipande imepatikana kwenye sekunde ya 64 ya rekodi fulani. Tofauti ni 62. Kama kweli ndiyo rekodi yenyewe, jozi ya sekunde ya 5 lazima ikutwe kwenye 67, na ya sekunde ya 9 kwenye 71. Tofauti inabaki 62 daima. Migongano ya bahati haina nidhamu hiyo, tofauti zake hutapakaa huku na kule. Kompyuta huhesabu tu: rekodi ipi ina jozi nyingi zinazokubaliana juu ya tofauti moja? Ndiyo maana mfumo unaweza kupoteza sehemu kubwa ya jozi kwa sababu ya kelele na bado ukajibu kwa uhakika.

Nguvu yote ya njia hii imesimama juu ya sharti moja: namba tatu za jozi zibaki zilezile. Mhariri anayegusa spidi huzivunja zote kwa mkupuo mmoja.

Chukua mfano. Mfumo unaopima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kuchukua vipimo 1,024 kwa kila picha hugawanya kimo cha sauti katika ngazi zenye upana wa karibu mitetemo 7.8. Nyota ya mitetemo 1,000 hukaa ngazi ya 128. Ya mitetemo 1,250 hukaa ngazi ya 160. Tuseme kati yake kuna sekunde 0.64, na mfumo huhesabu muda kwa hatua za sekunde 0.032, basi ni hatua 20. Jozi hiyo inaandikwa 128, 160, 20. Sasa mtu aongeze spidi ya wimbo kwa asilimia 6, ambayo ni kupandisha sauti kama nusu toni. Nyota ya kwanza inaruka hadi ngazi ya 136, ya pili hadi 170, na muda unapungua kuwa hatua 19. Namba inayotafutwa ghalani sasa ni 136, 170, 19. Sikio la msikilizaji linaujua wimbo bila shida, maana uwiano wa sauti haukubadilika, lakini kwa faharasa hii ni neno jingine kabisa.

Spidi ikiongezwa kwa asilimia 1 tu, mambo huwa nusunusu. Nyota ya ngazi ya 128 inahamia 129 na kupotea, ila nyota nzito ya ngazi ya 32 inabaki palepale kwa sababu asilimia 1 ya kidogo ni kidogo zaidi. Baadhi ya jozi zinaokoka. Lakini ile tofauti iliyotakiwa kubaki 62 inaanza kuteleza: baada ya sekunde kumi imesogea sehemu ya kumi ya sekunde, na kura zilizopaswa kurundikana mahali pamoja zinatandazwa. Hapo mfumo hutambua kipande hiki na kushindwa kile, ingawa vyote vimetoka kwenye wimbo mmoja.

Madijei wanaounganisha nyimbo katika miksi hufanya hivyo kila siku, wakisogeza spidi asilimia mbili au tatu ili midundo ioane. Ikiwa mashine yao imewashwa kitufe cha kulinda kimo cha sauti, madhara hupungua: ngazi za nyota hazihami, muda tu ndio unaobanwa, na katika jozi fupi muda huo unaweza usibadilike hata hatua moja. Kukata na kupanga upya vipande vya wimbo hakusumbui sana, kwa kuwa kila kipande kinabaki na nyota zake. Ni pale kwenye mshono tu kura hugawanyika makundi mawili. Maneno ya mtangazaji yaliyowekwa juu ya muziki nayo hustahimilika mpaka yatakapoumeza muziki wenyewe.

Msomaji anayeshuku kwamba wimbo alioukuta mtandaoni umechezewa anaweza kujaribu mwenyewe. Sauti ya mwimbaji ikiwa nyembamba kama ya mtoto na ngoma nazo zinakimbia, spidi nzima imepandishwa. Afungue faili katika programu ya bure ya Audacity, aongeze kizidishio cha 0.943, ambacho ndicho kinyume cha ongezeko la asilimia 6, kisha alipige tena mbele ya simu. Likitambuliwa, jibu limepatikana. Ikiwa sauti imepanda lakini ngoma ziko katika mwendo wake wa kawaida, basi kimebadilishwa kimo peke yake, na ni hicho cha kurudisha.

Kampuni za muziki zimechukua njia fupi zaidi. Toleo lililoharakishwa la wimbo wa Steve Lacy wa 2022, *Bad Habit*, lilitolewa rasmi. Toleo rasmi likishaingia ghalani linakuwa na anga lake la nyota, hata kama mwimbaji hakurudi studio.

Jambo hilo linaonyesha mfumo huu unajua nini hasa. *Malaika* ya Fadhili William, ya Miriam Makeba na ya Boney M. ni wimbo mmoja kwa Mswahili yeyote, lakini kwa ghala la alama za sauti ni rekodi tatu zisizojuana. Vivyo hivyo bendi inayoupiga jukwaani usiku wa leo: mpiga gitaa akichelewa kidogo, mwimbaji akivuta silabi, nyota zote zimekaa kwingine. Wang alieleza kwamba mfumo wake ungeweza kutenganisha maonyesho mawili ya msanii yuleyule ambayo sikio la binadamu lingeyadhania kuwa moja. Huduma ya Google inayomtambulisha mtu wimbo anaouvumisha kwa mdomo, iliyotoka Oktoba 2020, haitumii ramani hii ya nyota. Yenyewe hufuata mwendo wa melodia.

Wapo waliotafuta namna ya kuilegeza jozi bila kuipoteza. Katika Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, Joren Six na Marc Leman walitoa mfumo uitwao Panako mwaka 2014, unaofunga nyota tatu badala ya mbili. Fikiria basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kupitia Morogoro. Likienda kasi, saa za kila kipande cha safari hupungua, lakini sehemu ya safari iliyokwisha kufikia Morogoro ni ileile. Panako huandika uwiano huo badala ya muda wenyewe, na vimo vya sauti hupimwa kwa ngazi za kimuziki, ambamo kupandishwa nusu toni huzisogeza nyota zote kwa hatua sawa na umbali kati yake haubadiliki. Gharama yake ni kwamba uwiano hugongana kwa bahati mara nyingi kuliko namba kamili, hivyo kazi ya kuchuja huongezeka.

Zana ya namna hiyo ilipata kazi isiyohusu kabisa mitandao ya kijamii. Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, karibu na Brussels, yana hazina kubwa ya rekodi za Kongo, Rwanda na Burundi, nyingine zilizohamishwa kutoka diski hadi utepe na kutoka utepe hadi kompyuta. Mashine za kupigia utepe hazikuwa na mwendo mmoja, kwa hiyo rekodi ileile inaweza kuwapo mara mbili, nakala moja ikikimbia kuliko nyingine na kila moja ikiwa na jina tofauti kwenye daftari. Six na wenzake walitumia alama za sauti kuzisaka nakala hizo. Mfumo unaostahimili mabadiliko ya spidi hausemi tu kwamba mbili ni moja; unatoa pia asilimia ambayo moja imeizidi nyingine, na kwa asilimia hiyo mtunza kumbukumbu anajua nakala hizo zinatofautiana kwa mwendo kiasi gani.