Programu Ijengwe Kutoka Kwenye Lebo

Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa wanaoandika hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza jambo lililowashtua mafundi wa kompyuta duniani. Alikuwa akipima kasi ya mashine zake akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kumekuwa kuzito: kazi iliyokuwa ikichukua sekunde 0.3 hivi sasa ilichukua 0.8. Wengi wangeipuuza nusu sekunde. Yeye aliifuatilia mpaka akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili, na humo akakuta mlango wa siri. Ulikuwa umepandwa katika matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, na aliyeuandaa angeweza kuingia bila ruhusa katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux.

Mlango huo ulifichwa kwa ustadi. Sehemu yake kubwa ilikaa ndani ya mafaili ya majaribio yaliyoonekana kama data iliyoharibika, na hayo yalikuwemo katika ghala la msimbo, mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma kila badiliko. Lakini kipande cha kuuamsha, mistari michache katika faili liitwalo `build-to-host.m4`, hakikuwa ghalani kabisa. Kilikuwa ndani ya kifurushi kilichopakuliwa tu. Aliyesoma msimbo wa ghalani hakukiona. Aliyejenga programu kutoka kwenye kifurushi alikipata.

Kwa nini tofauti hiyo haikumshtua mtu? Kwa sababu ilizoeleka. Kwa miaka mingi vifurushi vya namna ile vimekuwa na mafaili ya ziada yanayozalishwa na zana za ujenzi, ili mpakuaji asihangaike kuyatengeneza mwenyewe. Faili moja zaidi halikuwa habari. Tena vifurushi vilikuwa na sahihi halali ya kidijitali, maana aliyevitoa, mtu aliyejiita Jia Tan, alikuwa amekwisha kuaminiwa na mradi. Sahihi ilithibitisha ni nani aliyetoa kifurushi. Haikusema kilichomo kimetoka wapi.

Ndiyo maana, katika orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kutoa toleo jipya, nautazama kwa makini zaidi ujenzi wenyewe. Hatua za kabla yake zinautayarisha.

Tuchukue programu ya kutunza hesabu za kikoba, inayotoka toleo 2.3 kwenda 2.4.0. Badiliko kubwa ni kwamba fedha, zilizokuwa zikihifadhiwa kama namba zenye desimali, sasa zinahifadhiwa kwa senti kamili, ili riba isipotee katika kukadiria. Siku ya kufunga msimbo ikifika, tawi la toleo hutengwa, na kuanzia hapo haliingizwi kitu kipya. Kinachoruhusiwa ni kurekebisha hitilafu, nayo mmoja huandika na mwingine hukagua. Mtu akija na kitufe kizuri cha kutuma risiti kwa SMS, jibu ni kwamba kitasubiri 2.5, hata kama kimekamilika. Ukikikubali, majaribio yote yaliyotangulia yanakuwa yamepima programu nyingine.

Kutoka tawi hilo hutolewa toleo la majaribio, `v2.4.0-rc1`. Majaribio yanayojiendesha yenyewe hupita kwa dakika chache, lakini hayatoshi, kwa sababu mara nyingi huanza na hifadhidata tupu, na mweka hazina wa kikoba hana hifadhidata tupu. Kwa hiyo chukua nakala ya data ya 2.3 yenye miaka ya hisa na mikopo, ficha majina, ipandishe hadi 2.4.0, kisha linganisha jumla ya hisa, mikopo na faini kabla na baada. Zikitofautiana kwa senti moja, simama. Tuseme jaribio linaonyesha kwamba wanachama waliokwisha kutoka kikundini, ambao salio lao ni sifuri, wamefutwa pamoja na historia yao. Jumla zinalingana, lakini idadi ya wanachama imepungua. Hitilafu hiyo inarekebishwa, inatolewa `rc2`, na majaribio yanaanza upya tangu mwanzo. Kurudia kunachosha, na hapo ndipo watu hukata kona.

Majaribio yakipita bila badiliko lolote, hali ile ile iliyopimwa hupigwa lebo:

```
git tag -s v2.4.0 -m "Toleo 2.4.0"
git push origin v2.4.0
```

Herufi `-s` inaiwekea lebo sahihi ya anayeitoa. Lebo inaelekeza kwenye hali moja tu ya msimbo, na ikishatoka nje haihamishwi. Kosa likigunduliwa baada ya saa moja, toa 2.4.1. Ukiisogeza v2.4.0, waliokwisha kuichukua wataendelea kuwa na ile ya zamani, kwa kuwa Git haiwabadilishii lebo waliyonayo. Mtakuwa na vitu viwili vyenye jina moja, na kila ripoti ya hitilafu itazua mabishano.

Sasa ujenzi. Kompyuta ya mwandishi wa programu haifai kwa kazi hii. Ina mafaili ambayo hayajaingia ghalani, maktaba alizoziweka mwaka jana na mipangilio aliyokwisha kuisahau. Programu inaweza kujengeka vizuri pale na kugoma kwingine kote, au kubeba kitu ambacho hakuna aliyekikagua. Anza katika mashine safi, uchukue lebo yenyewe:

```
git clone --branch v2.4.0 ANWANI jenga
cd jenga
git tag -v v2.4.0
git describe --exact-match
```

Amri ya tatu inakagua sahihi, na ya nne lazima ijibu `v2.4.0` na si kitu kingine. Maktaba za nje nazo ziandikwe kwa namba kamili za matoleo yake, zisiachwe zijichagulie mpya.

Kisha mtu wa pili afanye hivyo hivyo katika mashine nyingine, na wote wawili wapime matokeo kwa `sha256sum`. Alama zikilingana, kila herufi ya faili la kwanza imo katika la pili. Zisipolingana, mara nyingi sababu haina hila: saa ya ujenzi imeandikwa ndani ya faili, au mafaili yamepangwa kwa mfuatano tofauti. Zana nyingi huheshimu `SOURCE_DATE_EPOCH`, inayoweka saa ya lebo badala ya saa ya ukutani. Tafuta chanzo mpaka ukipate, kwa sababu tofauti ikishazoeleka, mwenye nia mbaya anapata pa kujificha.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Unathibitisha kwamba kifurushi kinatokana na lebo, lakini msimbo mbaya uliopita ghalani mchana kweupe utajengeka vile vile, na alama zitalingana. Huo hukamatwa na jicho la mkaguzi tu, kabla ya lebo kupigwa.

Tangazo huja mwisho kabisa. Weka mafaili mahali pa kupakulia, yapakue mwenyewe kama mgeni, pima alama tena, sakinisha, fungua. Ndipo uandike, ukianza na linalomgusa mtumiaji: fedha sasa zinahifadhiwa kwa senti, weka nakala rudufu kabla ya kupandisha, maana ukishapandisha 2.3 haitaweza kuisoma data hiyo. Wanachama waliotoka wanabaki na historia yao. Chini yake iwepo alama ya `sha256sum` ya kila faili na jina la lebo, ili mtu yeyote mwenye mashine safi aweze kujijengea na kulinganisha.